Mkupuo Mmoja au Malipo ya Kila Mwezi? Ulinganisho kwa Anayepanga Ruzuku ya Kaya Maskini

Kati ya mwaka 2011 na 2013, katika eneo la Rarieda magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha taslimu kwa kaya zilizokuwa zikiishi katika nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Baadhi ya kaya hizo zilipata jumla ya shilingi 25,200 kwa mkupuo, na nyingine zilipata kiasi hichohicho kikiwa kimegawanywa katika mafungu tisa ya shilingi 2,800, fungu moja kila mwezi. Hakuna kaya iliyoulizwa inataka nini. Kura ndiyo iliyoamua. Fedha zilipita katika simu kwa njia ya M-Pesa, hazikuwa na masharti yoyote, na waliozipokea hawakutakiwa kueleza wamezitumiaje.

Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliochapisha matokeo ya kazi hiyo mwaka 2016, walikuta kwamba kaya zilizolipwa kila mwezi zilikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na zilizolipwa kwa mkupuo zilikuwa na mali nyingi zaidi ya kudumu, likiwemo paa la mabati. Fedha zilikuwa zilezile, kijiji kilekile, na umaskini uleule. Kilichotofautiana ni kalenda. Wala matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, hofu ambayo huwa ya kwanza kutajwa kila panapozungumzwa habari ya kumpa maskini fedha mkononi.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu mipango mingi ya ruzuku hujadili kwa miezi kadhaa nani aingizwe katika orodha na alipwe kiasi gani, kisha suala la ratiba huachiwa mhasibu. Ulinganisho ufuatao umekusudiwa mtu aliye mezani anapanga: ofisa wa serikali ya mtaa, kikundi kinachochangia waathirika wa maafa, shirika dogo lenye bajeti ya mwaka mmoja, au hata ukoo unaotaka kuisaidia familia iliyofiwa na mtafutaji wake. Wote hawa wana swali moja la kujibu kabla ya mengine, nalo ni kama shimo wanalotaka kulijaza ni la kujirudia au ni la mara moja.

Kila njia inafanya kazi gani hasa

Malipo ya kila mwezi huziba pengo la matumizi. Kaya maskini haikosi kipato kabisa. Mara nyingi hukipata kwa mawimbi, leo kibarua kipo, wiki ijayo hakipo, na baada ya mavuno ghala linajaa kisha miezi michache baadaye linakauka. Fungu dogo linalofika kwa tarehe inayojulikana huishikilia kaya isizame wimbi linapokuwa chini. Faida yake haipo katika ukubwa bali katika kutabirika, kwa kuwa mwenye duka anayejua kwamba fedha za mteja wake huingia tarehe fulani yuko tayari kumkopesha unga wiki moja kabla, na mama anayejua hivyohivyo hana haja ya kuuza kuku anayetaga ili kupata dawa ya mtoto.

Mkupuo, kwa upande wake, hununua kitu ambacho hakigawanyiki. Paa haliezekwi nusu likabaki likisubiri mwezi ujao huku mvua ikinyesha, wala hakuna anayeuza robo ya ng'ombe wa maziwa. Paa la nyasi linahitaji kukarabatiwa tena na tena, na kila mara linakula fedha na siku za kazi. La mabati hugharimu kwa wingi mara moja na kisha hunyamaza kwa miaka. Maskini anajua hesabu hii vizuri kuliko anayempangia. Tatizo lake ni kwamba hajawahi kushika kwa siku moja kiasi cha kuivuka, na kila anapojaribu kukiweka akiba, ugonjwa au ada huja kukila kabla hakijatimia.

Kwa hiyo si sahihi kusema njia moja ni ya watu wenye nidhamu na nyingine ni ya wasio nayo, ingawa hoja hiyo husikika sana katika vikao. Mzee wa miaka 75 asiye na mtu wa kumlimia hana kitu kisichogawanyika anachohitaji kukinunua. Anahitaji kula mwezi huu, na ule ujao, hadi mwisho. Kumpa mkupuo ni kumgeuza mtunza hazina wa fedha zake mwenyewe, tena akizungukwa na jamaa wenye shida. Kijana mwenye watoto wawili, mikono miwili na shamba la kukodi yuko katika hali nyingine kabisa.

Hesabu ya kaya moja

Tuchukue kaya ya kubuni yenye watu watano, tuipe viwango vilevile vya Rarieda, halafu tuifuate kwa miezi tisa. Tuseme inahitaji shilingi 6,000 kwa mwezi ili isipunguze chakula wala kumtoa mtoto shule. Katika miezi sita ya kawaida inazipata kwa vibarua na mazao. Katika miezi mitatu ya njaa inapata 3,500 tu, kwa hiyo kila mmoja wa miezi hiyo una pengo la shilingi 2,500, na miezi yote mitatu kwa pamoja ina pengo la 7,500.

Ikilipwa 2,800 kila mwezi, pengo la mwezi wa njaa linazibwa na zinabaki shilingi 300. Huo ndio uzuri wa njia hii, kwamba kaya haikukopa, haikuuza kitu, wala haikulala njaa, na hakuna aliyehitaji kujizuia ili jambo hilo litokee. Katika miezi sita ya kawaida, hata hivyo, fungu la 2,800 linaingia ndani ya nyumba ambayo tayari imefikia mahitaji yake ya chini. Ukiligawa kwa watu watano na siku thelathini, halifiki shilingi 19 kwa mtu kwa siku. Linaliwa polepole katika chakula bora kidogo, sabuni, nauli, mchango wa msiba. Hayo si matumizi mabaya hata kidogo, lakini mwisho wa miezi tisa hakuna kitu kikubwa kilichobadilika katika uwezo wa kaya kuzalisha.

Sasa kaya hiyohiyo ipewe 25,200 siku moja. Ikitenga 7,500 kwa ajili ya miezi ya njaa, inabaki na 17,700 za kuezeka, kununua mifugo au kuanzisha biashara ndogo. Kwa hesabu tupu, mkupuo umeshinda: njaa imezibwa na mali imepatikana. Lakini angalia sharti lililojificha. Hizo 7,500 zinatakiwa zikae bila kuguswa, pengine kwa miezi minne au mitano, ndani ya nyumba ambayo kila wiki ina haja ya kweli ya fedha. Matokeo ya Rarieda yanaonyesha kilichotokea kwa watu halisi, kwamba waliopata mkupuo walisonga mbele kwa mali, na waliopata kwa mwezi walisonga mbele kwa chakula. Sehemu ya akiba ya njaa, kwa maneno mengine, ilikwenda kwenye mabati.

Je, huo ni uamuzi mbaya? Mimi nasema inategemea ni nani aliyelala njaa. Mtu mzima anaweza kuamua kwa akili timamu kubana mkanda msimu mmoja ili apate paa la kudumu. Mtoto wa mwaka mmoja hakushirikishwa katika uamuzi huo, na lishe inayokosekana katika umri wake hairudishwi na ng'ombe atakayenunuliwa mwakani. Ndiyo maana pale ambapo lengo la mpango ni afya ya mjamzito na mtoto mchanga, ningechagua malipo ya mara kwa mara bila kusita, hata kama wenye kaya wangependelea mkupuo.

Ahadi ya muda mrefu hubadilisha fungu dogo

Kuna jaribio kubwa zaidi, nalo limefanywa Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet, ambalo linaongeza jambo ambalo hesabu yetu haikuliona. Vijiji 295 viligawanywa kwa kura. Katika vijiji 44, kila mtu mzima aliahidiwa shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Katika vijiji 80, malipo ni yaleyale lakini kwa miaka miwili tu. Katika vijiji 71, watu walipata kwa mkupuo kiasi chenye thamani inayokaribiana na malipo ya miaka hiyo miwili. Vijiji 100 vilivyobaki havikupata kitu, ili viwe vya kulinganishia.

Matokeo ya awali, yaliyotolewa mwaka 2023 na Abhijit Banerjee na wenzake, yalionyesha kwamba waliopata mkupuo walianzisha biashara nyingi zaidi kuliko waliolipwa kila mwezi kwa miaka miwili. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa na wengi ni kwamba wale wa miaka 12, ambao mpaka wakati huo walikuwa wamepokea kila mwezi kiasi kilekile cha wenzao wa miaka miwili, nao walianzisha biashara kwa kiwango cha juu. Fedha za mkononi zilikuwa sawa, ila ahadi iliyokuwa nyuma yake haikuwa sawa.

Namna walivyofanya inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kucheza upatu. Waliolipwa kila mwezi kwa muda mrefu walijiunga katika mizunguko ya kuchangishana, kila mmoja akitoa sehemu ya fungu lake na mmoja akiondoka na kapu zima. Walitengeneza mkupuo wao wenyewe. Mtu ambaye malipo yake yanajulikana kuwa yataendelea kwa miaka mingi ni mwanachama mzuri wa upatu, kwa kuwa wenzake hawana hofu kwamba atapokea zamu yake kisha ashindwe kuchangia. Ambaye malipo yake yanakaribia kwisha hana dhamana hiyo.

Turudi kwa kaya yetu ya watu watano ili tuone upatu unafika wapi na unakwama wapi. Wanachama tisa wakichangia 1,500 kila mwezi, kila mmoja ataondoka mara moja na 13,500, kiasi kinachokaribia kufanya kazi ya mkupuo. Katika miezi sita ya kawaida mchango huo unawezekana. Katika miezi mitatu ya njaa, kaya inabaki na 300 tu baada ya kula, na haiwezi kutoa 1,500 bila kupunguza sahani. Kwa kuwa njaa huwakumba majirani wote kwa wakati mmoja, mchezo mzima unasimama, na aliyepangiwa zamu katika miezi hiyo ndiye anayeumia. Kwa hiyo kusema tu kwamba “watajiwekea akiba wenyewe” hakutoshi. Upatu hugeuza malipo ya mwezi kuwa mkupuo pale tu ambapo fungu ni kubwa kuliko pengo la mwezi mbaya kwa kiasi cha kutosha kuchangia.

Somo la hili kwa anayechagua ni kwamba malipo ya kila mwezi ya muda mfupi, mathalani mwaka mmoja, ndiyo njia dhaifu zaidi ikiwa lengo ni kuinua uzalishaji. Hayana ukubwa wa mkupuo wala ahadi ya muda mrefu. Ukiwa na bajeti ya mwaka mmoja na kaya zenye nguvu kazi, toa mkupuo. Ukiwa na bajeti ya mwaka mmoja na lengo lako ni kupitisha watu katika msimu mgumu, toa kila mwezi, lakini usiandike katika ripoti kwamba unatarajia biashara zichipue.

Malipo ya mwezi yanapokosa mwezi

Ulinganisho wote hapo juu umechukulia kwamba aliyeahidi kulipa kila mwezi analipa kila mwezi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu katika maisha halisi hapa ndipo njia hii huharibika, na inaharibika kimya kimya.

Ghana ilianzisha mpango wake wa ruzuku uitwao LEAP mwaka 2008. Tathmini iliyofuatilia kaya kati ya mwaka 2010 na 2012 ilikuta kwamba malipo hayakufuata ratiba. Kulikuwa na vipindi virefu bila kitu, kisha mafungu kadhaa yakaja kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba kaya hazikuongeza matumizi ya chakula kama ilivyokusudiwa. Zilifanya jambo la busara kwa mazingira yale: zililipa madeni, zikaongeza akiba, zikarudisha heshima yao mbele ya jamaa waliokuwa wakiwakopesha. Hakuna ubaya katika kulipa deni, ila mpango uliokusudiwa kuongeza chakula mezani ulikuwa umegeuka kitu kingine bila aliyeupanga kukusudia.

Fuata hilo kwa hesabu ya kaya yetu. Fungu la mwezi wa kwanza na wa pili wa njaa halikuja. Yote matatu yakaja pamoja katika mwezi wa tatu. Kaya imekopa 2,500 mwezi wa kwanza na 2,500 tena mwezi wa pili. Tuseme mkopeshaji anatoza asilimia 10 kwa mwezi bila riba juu ya riba. Deni la kwanza limekaa miezi miwili na kuzaa 500, la pili limekaa mwezi mmoja na kuzaa 250. Jumla ya riba ni 750, zaidi ya robo ya fungu la mwezi mmoja, na fedha hiyo imetoka katika bajeti ya umma na kuingia mfukoni mwa mkopeshaji. Na hiyo ni kaya iliyobahatika kupata wa kuikopesha; isiyo na mkopeshaji inauza mbuzi katika soko ambalo kila mtu anauza mbuzi, au inapunguza milo.

Mafungu yaliyochelewa yakirundikana hayageuki kuwa mkupuo wenye faida. Nguvu ya mkupuo inatokana na mtu kujua kabla kwamba unakuja, akauliza bei, akaongea na fundi, akachagua wakati. Fedha iliyoanguka bila taarifa hukuta madeni yameshapanga foleni.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo mpangaji anapaswa kujiuliza kwa ukweli mchungu ni kama mfumo wake unaweza kushika tarehe mara kumi na mbili kwa mwaka. Kila malipo yanahitaji orodha ihakikiwe, hazina itoe fedha, benki au kampuni ya simu ipokee faili, majina na namba vilingane, na wasiopata wasikilizwe. Kama fedha hutolewa na hazina kwa robo mwaka, kuahidi malipo ya kila mwezi ni kuahidi kisichokuwepo. Ni afadhali kulipa kila baada ya miezi miwili kwa tarehe isiyotetereka. Mpango wa Kenya wa kukabiliana na njaa katika kaunti kame za kaskazini, unaojulikana kwa kifupi kama HSNP, ulipanga kulipa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili badala ya 2,700 kila mwezi, na TASAF nchini Tanzania nayo imekuwa ikipanga malipo ya kaya za walengwa kwa vipindi vya miezi miwili. Pale ambapo mlengwa hutembea umbali mrefu kufika kwa wakala, kupunguza safari ni sehemu ya ruzuku yenyewe.

Janga linapokuja ghafla

Mafuriko na ukame huvuruga ulinganisho huu kwa sababu vinaongeza kigezo cha tatu, ambacho ni kasi. Julai 2020, Mto Jamuna nchini Bangladeshi ulipokuwa ukitabiriwa kufurika, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilituma fedha za nchi hiyo, taka 4,500, kwa simu kwa maelfu ya kaya za kandokando ya mto kabla maji hayajafika kilele. Lilikuwa fungu moja tu. Utafiti uliofuata ulikuta kwamba kaya zilizopata fedha hizo hazikupitisha siku nzima bila kula kwa kiwango kile kile cha wenzao waliokosa. Walionufaika walikuwa na nafuu ya wazi. Hapa mkupuo mdogo ulifaa kwa sababu shimo lilikuwa la mara moja na tarehe yake ilijulikana: chakula kinunuliwe kabla ya bei kupanda na njia kufungwa, mifugo ihamishwe, vitu viinuliwe juu.

Ukame ni tofauti kwa kuwa huja kwa kutambaa. HSNP ina mpangilio ambao naona ni wa kuigwa. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango uliandikisha kaya nyingi mno kuliko zile takriban 100,000 zilizokuwa zikilipwa kwa kawaida, ukazifungulia akaunti mapema. Picha za setilaiti zinazopima hali ya uoto zikionyesha kwamba eneo limevuka kiwango cha ukame mkali, kaya nyingine zilizokwisha kuandikishwa huongezwa katika malipo kwa muda, kisha hutoka hali ikitengemaa. Kamati haihitaji kukaa na kujadiliana kama ukame umefika, maana kipimo kiliwekwa kabla.

Udhaifu wake nao ni wa kueleweka. Setilaiti huona majani, haioni kisima kilichokauka wala soko la mifugo lililofungwa kwa ugonjwa, na orodha iliyoandikwa miaka mitano iliyopita haimjui aliyeoa, aliyehama wala aliyefilisika jana. Lakini anayechagua kati ya orodha yenye kasoro iliyo tayari na orodha kamilifu itakayokuwa tayari baada ya miezi minne hana sababu ya kufikiri sana.

Wasiwasi wa bei na wa majirani

Mara nyingi mkupuo hukataliwa kwa hoja kwamba fedha nyingi zikiingia kijijini siku moja, bei zitapanda na wasiopata wataumia. Hoja hii imepimwa. Katika utafiti mwingine wa kaunti ya Siaya uliohusisha vijiji 653, zaidi ya kaya 10,000 zilipata takriban dola 1,000 kila moja, na bei za bidhaa zilisogea kwa kiwango kidogo mno, chini ya asilimia moja. Kaya ambazo hazikupata fedha nazo ziliona kipato chao kikipanda kwa kuwa majirani walinunua kwao na kuwapa kazi.

Nisingechukua matokeo hayo na kuyapeleka kila mahali. Siaya ina barabara, masoko ya wiki na wafanyabiashara wanaoweza kuleta mzigo wakiona wateja wameongezeka. Nchini Ufilipino, ruzuku kubwa ya serikali ilipofika katika vijiji vya mbali ambako sehemu kubwa ya kaya zililipwa, bei ya vyakula vinavyoharibika haraka ilipanda, na watoto wa kaya zisizolengwa wakaathirika kwa kudumaa. Inafaa basi kuwauliza wenye maduka kabla ya malipo ya kwanza kama wanaweza kuleta mzigo maradufu, na ndani ya siku ngapi. Kama jibu ni la kusitasita, tawanya malipo katika wiki tofauti au mafungu madogo, hata kama lengo lako lilikuwa mkupuo.

Njia ya katikati

Watu waliopewa nafasi ya kuchagua wenyewe hawakuchagua kama mipango ya serikali inavyodhani. Utafiti kuhusu mapendeleo ya ratiba vijijini Kenya ulikuta kwamba wengi walitaka mafungu makubwa machache kuliko madogo mengi, na wengi walitaka fedha zichelewe kidogo badala ya kuja mara moja, ili ziwakute wakati wa kupanda au wakati ambao wameshajipanga. Mtu anayesema “nipe baada ya miezi kadhaa” hafanani na yule maskini wa vikaoni asiyeweza kusubiri.

Ikiwa kaya zako zina njaa na pia zina uwezo wa kuzalisha, hulazimiki kuchagua upande mmoja. Shirika la BRAC la Bangladeshi, katika mpango wake wa kaya fukara ulioanza mwaka 2002, lilitoa mali moja kubwa, mara nyingi mifugo, pamoja na posho ndogo ya mara kwa mara kwa muda maalumu. Posho hiyo ipo kwa ajili ya kuilinda mali. Ng'ombe huchukua muda kabla ya kutoa maziwa ya kuuza, na kaya isiyo na cha kula katika kipindi hicho itamuuza. Mpango wa aina hiyo umejaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistani na Peru, na kwa jumla faida zake zilionekana hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa una watumishi wanaotembelea kila kaya, na shirika dogo huenda lisiimudu.

Toleo lake jepesi kwa kaya yetu ya mfano lingekuwa kutoa shilingi 16,800 mwanzoni mwa msimu wa kupanda na kubakiza 8,400 zilipwe katika mafungu matatu ya 2,800 wakati wa miezi ya njaa. Jumla ni ileile 25,200, malipo ni manne badala ya tisa, na hakuna anayetakiwa kulinda akiba ya njaa kwa mikono yake mwenyewe. Sharti lake ni kuijua kalenda ya mahali hapo, si kalenda ya mwaka wa fedha wa mfadhili. Kwa kaya za wazee, wagonjwa wa kudumu na zisizo na nguvu kazi, mpangilio huu hauna maana. Hao walipwe mfululizo.

Baada ya malipo ya pili, utajua kama ulichagua vyema bila kusubiri tathmini ya mwisho. Kwa malipo ya mara kwa mara, hesabu siku kati ya tarehe iliyotangazwa na siku ambayo mlengwa alishika fedha, kisha mwulize fungu lilipofika alikuwa anadaiwa kiasi gani dukani. Deni la dukani likiwa linapungua kutoka fungu hadi fungu, ratiba inafanya kazi. Likiwa linakua, fedha zako zinachelewa au ni ndogo kuliko pengo. Kwa mkupuo, uliza tofauti: ulikijua kiasi na tarehe wiki ngapi kabla, na ulikuwa umeshaongea na nani kuhusu kukitumia. Wakijibu kwamba walijua siku fedha zilipoingia kwenye simu, rekebisha utangazaji kabla ya kugusa kiwango.